Usiache Kuzuia Yasiingie: Kufumbua Agizo Lenye Ukanushi Uliojificha

Msimamizi wa zamu ya mchana amemwachia mwenzake wa usiku ujumbe huu kwenye simu: "Usiache kuzuia maji yasiingie tangi la pili kabla kina hakijashuka chini ya mita 3." Mpokeaji amesimama mbele ya valvu, mkono uko kwenye gurudumu. Afungue au afunge?

Ujumbe huu nimeutunga mimi, lakini sijautia chumvi. Kila kipande chake ni Kiswahili cha kawaida ambacho watu wanaandikiana kila siku kazini, na aliyekiandika kwa kawaida anajua vizuri kabisa anachotaka. Yeye ana picha ya tangi kichwani, maneno yanamfuata tu. Mpokeaji hana picha hiyo. Ana maneno peke yake, na lazima aijenge picha kutokana nayo.

Tuanze na vikanushi vinavyoonekana. Kuna "usi-" katika "usiache", kuna "-si-" katika "yasiingie", na kuna "haki-" katika "hakijashuka". Hivyo ni vitatu, na mtu yeyote anaviona. Kisha kuna vilivyojificha ndani ya maana ya maneno yenyewe. "Kuzuia" ni kufanya jambo lisitokee, kwa hiyo neno hilo limebeba "si" tumboni hata kama haliandikwi. "Kuacha" nalo ni hivyo hivyo: anayeacha kufanya jambo, halifanyi. Jumla ni vitano katika sentensi moja.

Hapa wengi hukimbilia hesabu ya shuleni, kwamba hasi na hasi huzaa chanya. Tano ni witiri, basi agizo ni la kukataza. Hesabu hiyo ni hatari, kwa sababu katika Kiswahili kuna vikanushi ambavyo havifuti chochote. Vipo kwa ajili ya kupatana tu na neno lililotangulia.

Angalia "zuia maji yasiingie". Kama "zuia" na "-si-" zingefutana, maana ingekuwa "ruhusu maji yaingie". Hakuna Mswahili anayeielewa hivyo. Kuzuia maji yasiingie na kuzuia maji kuingia ni jambo lile lile. Ile "-si-" inarudia tu matokeo yanayotakiwa, yaani maji kutokuwamo. "Kataza", "epusha" na "kinga" zina tabia hiyo pia: tunamkataza mtoto asiende, tunamkinga mtu asiumie. Sasa ongeza kikanushi mbele: "Usizuie maji yasiingie." Kwa macho unaviona viwili, ukihesabu na kilichojificha ni vitatu, na mwenye kuhesabu atasema agizo linakataza maji. Ukweli ni kinyume: linasema yaachwe yaingie. Mtu aliyefuata hesabu atafunga valvu iliyotakiwa kuwa wazi.

"Kabla" ndiyo mfano mwingine. Tunasema "kabla hajaondoka" na "kabla ya kuondoka" kwa maana moja. Ile "haja-" haikanushi kuondoka kwake. Inatueleza tu kwamba katika wakati huo tendo lilikuwa bado. (Kifaransa nacho huweka kikanushi cha aina hii baada ya neno lake la "kabla", kwa hiyo si kosa la wasemaji wa Kiswahili wala uzembe wa lugha.) Basi katika ujumbe wetu "kabla kina hakijashuka chini ya mita 3" ni "kabla ya kina kushuka chini ya mita 3".

Kati ya vikanushi vitano, viwili vimejitoa. Vimebaki "usi-", "acha" na "zuia". "Usi-" na "acha" vinafutana kweli, kama vinavyofutana katika "usikose kuja", ambayo ni njia ya kusisitiza "njoo". Kinachobaki ni kuzuia, kwa hiyo valvu inatakiwa kuwa imefungwa. Tumefika, lakini tazama safari iliyohitajika, na mtu mwenyewe yuko kazini usiku, tochi mkononi.

Tena hatujamaliza, maana "acha" ni neno lenye milango mingi. Ameacha kuvuta sigara: alikuwa anavuta, amekoma. Usiache kuja kesho: bado hajaja, anahimizwa asipuuze. Acha maji yaingie: ruhusu. Mlango wa tatu hapa haufunguki kwa sababu baada ya "usiache" kuna "kuzuia". Hiyo miwili ya mwanzo, hata hivyo, iko wazi yote. Kama mtumaji alikusudia "usikome kuzuia", basi anaamini kwamba valvu imeshafungwa tayari na mpokeaji anatakiwa kuiendeleza hali hiyo. Kama alikusudia "usipuuze kuzuia", anajua au anahisi kwamba iko wazi na anataka ifungwe. Ujumbe hauelezi ni lipi. Na ikiwa mpokeaji anaiona valvu iko wazi, tofauti hiyo ni habari kubwa: huenda kuna mtu mwingine ameigusa katikati ya zamu.

Ugumu huu haumpati mtu mzembe peke yake. Mwaka 1972 watafiti wa saikolojia Herbert Clark na William Chase walichapisha majaribio ambayo watu walionyeshwa sentensi fupi kuhusu nyota na alama ya kujumlisha, pamoja na mchoro, wakaulizwa kama sentensi inalingana na mchoro. Sentensi zilizokanushwa zilichukua muda mrefu zaidi kuamuliwa kuliko zile za kuthibitisha, ingawa michoro ilikuwa miepesi kiasi cha mtoto kuielewa. Akili kwanza hulishika jambo lenyewe, kisha hulipindua. Kila kikanushi ni mpinduo mmoja zaidi, na kila mpinduo ni nafasi ya kuteleza.

Mtelezo mkubwa kuliko yote ninaoufahamu ulitokea Marekani. Mwaka 1992 kampuni ya kura za maoni ya Roper iliwauliza watu kama, kwa maoni yao, inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya halaiki ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Asilimia 22 walijibu kwamba inawezekana. Matokeo yalipotangazwa yalishtua watu, kisha swali lenyewe likatiliwa shaka, kwa sababu aliyeamini kabisa kwamba mauaji yalitokea alitakiwa aseme "haiwezekani kwamba hayakutokea". Mwaka 1994 liliulizwa tena kwa maneno mepesi, likiwapa watu nafasi ya kusema wana hakika kwamba yalitokea. Waliosema inawezekana hayakutokea walikuwa kama asilimia 1. Historia haikubadilika ndani ya miaka miwili. Kilichobadilika ni sentensi.

Kwa hiyo mpokeaji wetu asijilaumu. Kazi yake ni kuligeuza agizo kuwa sentensi isiyo na mpinduo hata mmoja, kisha kulirudisha kwa aliyelituma. Namna ninayoiamini ni kuacha kuyafikiria maneno kwa muda na kukitafuta kitu. Ni kitu gani hasa kinachoguswa kwa mkono? Hapa ni valvu ya kuingiza maji kwenye tangi la pili. Neno "valvu" halimo kabisa katika ujumbe! Mtumaji alizungumzia maji, lakini mpokeaji hashiki maji. Ukishakipata kitu, kitaje katika hali yake: imefungwa, au iko wazi. Hali ni bora kuliko tendo, kwa sababu hali inaweza kutazamwa na kukaguliwa, na kwa sababu karibu kila katazo lina hali yake. "Usifungue kifuniko" ni "kifuniko kibaki kimefungwa". "Usizime feni" ni "feni iendelee kuzunguka".

Baada ya hali, tafuta mpaka wake. "Kabla kina hakijashuka chini ya mita 3" inageuka kuwa "muda wote kina kikiwa mita 3 au zaidi". Angalia kwamba mageuzi hayo yamelazimisha jibu la swali lililokuwa limefichika, yaani kikiwa mita 3 kamili hali ni ipi. Ujumbe wa asili ulisema chini ya 3, kwa hiyo 3 kamili bado iko upande wa kufungwa.

Kisha uliza kinachofuata mpaka ukivukwa, na hapa ndipo ujumbe wetu unapoonyesha tundu lake. Umesema maji yazuiwe kabla ya kina kushuka. Haukusema kikishashuka ifanyike nini. Tunajaza wenyewe kwamba basi valvu ifunguliwe, kwa sababu ndivyo watu wanavyoongea: ukimwambia mtu "usile mpaka nirudi", anaelewa kwamba ukirudi ataruhusiwa kula. Lakini ameelewa, hajaambiwa. Sentensi yenye "kabla" au "mpaka" pamoja na katazo inaeleza upande mmoja tu wa mpaka. Upande wa pili ni kivuli.

Kuna kosa moja ninalotaka kulikalia kidogo, kwa sababu watu makini ndio hulifanya. Katika kuligeuza agizo kuwa chanya, wanabadilisha uzito wake. "Haikatazwi kufungua dirisha" inageuzwa kuwa "fungua dirisha". Sivyo. Kisichokatazwa kinaruhusiwa, hakijaamriwa. Chanya yake ya haki ni "unaweza kufungua dirisha, ukitaka". Vivyo hivyo "si lazima uzime" na "ni lazima usizime" zina maneno karibu yale yale, lakini ya kwanza inakupa hiari na ya pili inakufunga. Ya kwanza igeuze "unaweza kuzima au kuiacha ikiwaka, yote sawa". Ya pili "iendelee kuwaka". Kikanushi kikisogea hatua moja mbele ya "lazima" au nyuma yake, agizo linakuwa jingine. Ndiyo maana baada ya kugeuza, lazima ujiulize: nimeamriwa, nimeruhusiwa, au nimeachiwa uamuzi?

Na kuna sentensi ambazo zina kikanushi kimoja tu na bado zina maana mbili, kwa kuwa haijulikani kinafika wapi. "Usizime mashine kwa sababu imepata moto." Mmoja ataelewa: imepata moto, kwa hiyo iache iendelee (pengine ikizimwa ghafla itaharibika). Mwingine ataelewa: kupata moto peke yake si sababu ya kuizima, lakini ukisikia mlio usio wa kawaida, zima. "Wote wasiingie" ina tatizo la aina hiyo: hakuna hata mmoja aingie, au waingie baadhi? Hapa hakuna kufutana kwa kufumbua. Mpokeaji anaandika maana zote mbili kwa chanya, "mashine iendelee kufanya kazi hata ikiwa na moto, kwa sababu ya moto huo" na "mashine izimwe kwa sababu nyingine yoyote ila moto", anamuuliza mtumaji achague.

Kwenye mipangilio ya kompyuta jambo hili lina sura yake, nalo linauma kwa sababu mashine haijui nia. Faili likiwa na mstari huu:

```
disable_backup = false
```

jina linabeba ukanushi na thamani inabeba mwingine, kwa hiyo nakala rudufu zinachukuliwa. Mwenzako akikuandikia "usiweke false hapo", amekurundikia wa tatu. Usimjibu kwa kutaja `true` au `false`. Mwandikie matokeo: "Yaani kuanzia leo nakala rudufu zisimame, sivyo?" Hapo ndipo ataruka kwenye kiti aseme la, alitaka ziendelee.

Lakini swali langu hilo, "sivyo?", lina kasoro, na inanileta kwenye sehemu ambayo nadhani watu huipuuza zaidi. Umeshaligeuza agizo vizuri, unalirudisha, halafu unaharibu kila kitu kwa namna ya kuomba uthibitisho. Chukua swali "Kwa hiyo nisifungue?" Katika Kiswahili, "ndiyo" maana yake ni "ndivyo ulivyosema": ndiyo, usifungue. Lakini mtu mwingine, akiwa na haraka au akiwa amezoea lugha ambazo jibu hufuata tendo badala ya kauli, atajibu "hapana" akimaanisha "hapana, usifungue". Majibu mawili yanayopingana yanabeba ujumbe mmoja. Mbaya zaidi, "hapana" ile ile kwa mtu wa tatu ni "hapana, umekosea, fungua". Ukipokea neno moja tu kujibu swali la kukanusha, hujapokea kitu.

Neno fupi la kukubali lina hatari yake hata pasipo swali la kukanusha. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, rubani msaidizi wa ndege iliyokuwa imeanza kukimbia barabarani alitamka maneno yasiyoonyesha wazi kama wanasubiri ruhusa au wanaondoka. Mwongozaji mnarani alijibu "sawa", kisha akaongeza kwamba asubiri, ataitwa. Sauti ya redio nyingine iliingiliana na sehemu hiyo ya pili ikawa mlio tu ndani ya ndege. Iliyosikika vizuri ni "sawa". Ndege mbili ziligongana ndani ya ukungu na watu 583 walikufa. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, lakini tangu hapo waongozaji na marubani hawatamki neno la kuruka isipokuwa ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Wakati mwingine wote husema "kuondoka". Kibali kinarudiwa kikiwa na maudhui yake, wala si kwa "sawa".

Kwa hiyo swali la uthibitisho liwe na kitu ndani yake ambacho mtumaji atalazimika kukitaja. Badala ya "sivyo?", uliza "iwe wazi au imefungwa?" Au mwombe akamilishe sentensi. Jibu lake likiwa neno lenye hali, haliwezi kupinduka.

Sio kila katazo ligeuzwe, lazima niseme hili. "Usichanganye dawa ya klorini na tindikali" liachwe lilivyo. Ni kikanushi kimoja, kipo mwanzoni, kinaonekana, na hatari iko katika tendo lenyewe. Chanya yake, "kila kimoja kitumike peke yake", ni dhaifu na haimshtui mtu. Kinachohitaji kufumbuliwa ni kikanushi cha pili, na kile kilichojificha ndani ya kitenzi, na kile kilichoshikana na mpaka.

Turudi kwa mpokeaji wetu kwenye valvu. Ameitazama, iko wazi. Geji ya tangi la pili inaonyesha mita 3.4. Anaandika hivi:

"Mkuu, nimekuelewa hivi. Valvu ya kuingiza maji tangi la pili nimeikuta iko wazi, kina ni mita 3.4. Naifunga sasa. Itabaki imefungwa muda wote kina kikiwa mita 3 au zaidi. Kikishuka chini ya mita 3, valvu iwe katika hali gani?"

Hakuna hata kikanushi kimoja. Ametaja alichokikuta, jambo ambalo hakuulizwa. Sehemu ile ya kivuli hakuijaza mwenyewe. Ameiuliza kwa swali lisiloweza kujibiwa kwa "ndiyo". Na hatua aliyoichukua kabla ya jibu, kufunga, ni ile ambayo maana zote mbili za "usiache" zinaikubali.

Jibu linakuja baada ya dakika chache: "Iko wazi? Mimi niliifunga saa kumi. Funga. Kikishuka chini ya 3 usifungue mpaka unipigie."

Kikanushi kimerudi, na kivuli kimerudi nacho: akishampigia, anafungua, au anasubiri kuambiwa? Mpokeaji anaandika tena: "Nimeifunga. Kikishuka chini ya mita 3 inabaki imefungwa, nakupigia, naifungua ukisema fungua. Simu yako isipopatikana, ibaki katika hali gani?"

"Sahihi. Usiponipata iache imefungwa hadi asubuhi, nitakuja kuitazama mwenyewe."

"Acha" safari hii imefuatwa na hali yake, "imefungwa", na mkono wa mpokeaji unajua la kufanya.